Wiki ya 10 ni ipi? Namna ya kusoma namba za wiki nchi zinapoanza wiki siku tofauti

Mtu aliyeko Ujerumani akikuandikia kwamba mzigo utatoka wiki ya 10 ya mwaka 2027, anazungumzia Jumatatu tarehe 8 hadi Jumapili tarehe 14 Machi. Mpokeaji aliyeko Marekani akifungua kalenda yake yenye namba za wiki, wiki ya 10 anaikuta kati ya Jumapili tarehe 28 Februari na Jumamosi tarehe 6 Machi. Wote wawili wamehesabu sawasawa, kila mmoja kwa kanuni ya kwao, na mzigo umeshaonekana umechelewa hata kabla ya kufungwa.

Nimechagua mwaka 2027 kwa makusudi. Tangu 2023 hadi 2026 kanuni hizo mbili zilikuwa zinatoa namba ileile kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, ukiacha siku chache za mwisho wa mwaka. Tofauti ilijitokeza siku za Jumapili tu, na ofisi nyingi hazifanyi kazi Jumapili. Maana yake ni kwamba jedwali lolote lililotengenezwa ndani ya miaka hiyo minne linaweza kuwa limetumia kanuni isiyo sahihi bila mtu yeyote kugundua. Januari 2027 namba zinaachana, na mwaka 2028 zitaendelea kuachana. Kwa hiyo mwongozo huu unalenga kitu kimoja: uweze kuchukua tarehe yoyote, ukapata namba yake ya wiki kwa kanuni yoyote, na uweze kubaini kalenda iliyo mbele yako inafuata kanuni gani.

## Kwanza, tenganisha maswali mawili

Watu wengi hudhani tofauti yote inatokana na siku ya kuanzia wiki. Hiyo ni nusu tu. Namba ya wiki inatokana na majibu ya maswali mawili: wiki inaanza siku gani, na wiki ipi inastahili kuitwa ya kwanza katika mwaka.

Kwa swali la kwanza, nchi nyingi za Ulaya huanza Jumatatu. Marekani, Kanada, Meksiko, Brazili, Japani na India kalenda zao kwa kawaida huanza Jumapili. Misri, Algeria, Iran, Iraki na Kuwait huanza Jumamosi, na Maldivi huanza Ijumaa. Simu na kompyuta nyingi hupata taarifa hizi kutoka kwenye hifadhidata moja, CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode. Humo Kenya imewekwa kuanza Jumapili na Tanzania kuanza Jumatatu. Ndiyo maana simu mbili zilizowekwa Kiswahili zinaweza kuchora mwezi mmoja kwa namna mbili, kwa sababu moja imechaguliwa Kenya na nyingine Tanzania.

Usijaribu kukisia siku ya kuanzia kwa kuangalia siku za mapumziko, kwa sababu hizo hubadilishwa na serikali. Saudi Arabia ilihamisha mapumziko yake kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Umoja wa Falme za Kiarabu nao ulihamia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa 2022, na nusu siku ya Ijumaa kwa watumishi wa serikali. Kalenda iliyochapishwa au programu ambayo haijasasishwa inaweza kuendelea na mpangilio wa zamani kwa muda mrefu.

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi. Tarehe 1 Januari mara nyingi huangukia katikati ya wiki, hivyo kuna wiki moja inayokatwa na mwaka mpya. Je, wiki hiyo ni ya mwisho ya mwaka uliopita au ya kwanza ya mwaka mpya? Majibu yanayotumika duniani ni matatu:

- Wiki yenye tarehe 1 Januari ndiyo ya kwanza, hata kama ina siku moja tu ya mwaka mpya. Hii ndiyo kanuni ya kawaida ya Marekani.
- Wiki ya kwanza ni ile yenye angalau siku nne za mwaka mpya. Hii ndiyo kanuni ya kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, na ndiyo inayotumika sehemu kubwa ya Ulaya. Wiki za ISO huanza Jumatatu daima.
- Wiki ya kwanza ni ile iliyo kamili, yaani siku zake zote saba ziko ndani ya mwaka mpya.

Ukifungua mipangilio ya kalenda ya Outlook utayakuta majibu haya matatu yameandikwa hivi: `Starts on Jan 1`, `First 4-day week` na `First full week`. Yamekaa kando ya chaguo la siku ya kuanzia wiki, lakini ni chaguo tofauti. Hapo ndipo watu hujikwaa. Mtu hubadilisha siku ya kuanzia kuwa Jumatatu akidhani sasa yuko sawa na wenzake wa Ulaya, huku kanuni ya wiki ya kwanza ikibaki `Starts on Jan 1`. Mwaka 2026 hataona tatizo lolote. Mwaka 2027 atakuwa mbele yao kwa wiki moja kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho.

## Hesabu ya mkono

Kuna njia moja inayofanya kazi kwa kanuni zote tatu, na ukishaielewa hutahitaji kukariri kingine. Kila kanuni ina siku yake moja ya kuamua. Kwa kanuni ya tarehe 1 Januari, siku ya kuamua ni ya mwisho ya wiki: ikiwa siku hiyo iko ndani ya mwaka mpya, basi wiki imeingia mwaka mpya. Kwa kanuni ya siku nne, siku ya kuamua ni ya nne. Wiki ikianza Jumatatu, ya nne ni Alhamisi, na ndiyo maana wataalamu husema wiki ya kwanza ya ISO ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Kwa kanuni ya wiki kamili, siku ya kuamua ni ya kwanza.

Hatua zenyewe ni hizi.

1. Andika siku zote saba za wiki ambamo tarehe yako imo, ukianza na siku ambayo nchi husika huanzia.
2. Chagua siku ya kuamua: ya saba, ya nne au ya kwanza, kulingana na kanuni.
3. Tafuta siku hiyo ni ya ngapi tangu mwaka uanze. Siku zinazokuwa zimeshapita kabla ya kila mwezi, Januari hadi Desemba, ni 0, 31, 59, 90, 120, 151, 181, 212, 243, 273, 304 na 334. Ongeza tarehe ya mwezi. Kama mwaka una siku 366, ongeza moja zaidi kuanzia Machi.
4. Gawanya kwa 7. Ikibaki sehemu, panda hadi namba nzima inayofuata. Hiyo ndiyo namba ya wiki.

Tuchukue Jumapili tarehe 14 Machi 2027, maana Jumapili ndiyo siku inayofichua tofauti zote.

Kwa ISO, wiki ya Jumapili hiyo ilianza Jumatatu tarehe 8, na Jumapili ndiyo siku yake ya mwisho. Siku ya nne ni Alhamisi tarehe 11 Machi. Kabla ya Machi zimepita siku 59, ukijumlisha 11 unapata 70. Sabini gawanya kwa 7 ni 10 kamili. Ni wiki ya 10.

Kwa Marekani, Jumapili hiyohiyo ndiyo inayofungua wiki mpya, itakayoisha Jumamosi tarehe 20. Siku ya kuamua ni hiyo Jumamosi: 59 jumlisha 20 ni 79. Gawanya kwa 7 unapata 11 na mabaki 2, kwa hiyo unapanda. Ni wiki ya 12.

Sasa mtu yule aliyebadilisha siku ya kuanzia kuwa Jumatatu akaacha kanuni ya tarehe 1 Januari. Wiki yake ni tarehe 8 hadi 14 Machi, na siku ya kuamua ni ya saba, yaani Jumapili yenyewe: 59 jumlisha 14 ni 73. Gawanya kwa 7, mabaki 3, panda. Ni wiki ya 11.

Kwa kalenda inayoanza Jumamosi yenye kanuni ya tarehe 1 Januari, wiki ni tarehe 13 hadi 19 Machi. Ijumaa tarehe 19 ni siku ya 78, ambayo inatoa wiki ya 12.

Siku moja, na namba tatu tofauti: 10, 11 na 12. Na kati ya hizo, mbili zimetoka kwenye kalenda zinazoanza Jumatatu. Kwa hiyo mtu akikwambia kalenda yake inaanza Jumatatu, bado hujajua kama anafuata ISO.

## Kwa nini 2027 ndio mwaka wa kuachana

Tarehe 1 Januari 2027 ni Ijumaa. Katika wiki ya Kimarekani, siku za mwaka mpya zilizomo ni Ijumaa na Jumamosi, siku mbili tu, lakini zinatosha kuifanya iwe wiki ya 1. Kwa ISO, wiki hiyo ina Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za mwaka mpya. Hizo ni siku tatu, na zinazohitajika ni nne. Kwa hiyo inabaki kuwa wiki ya mwisho ya 2026, na wiki ya 1 ya 2027 inaanza Jumatatu tarehe 4 Januari. Wakati huo Mmarekani ameshaingia wiki ya 2 tangu Jumapili tarehe 3.

Kutoka hapo, mwaka mzima, namba ya Marekani inakuwa mbele kwa moja Jumatatu hadi Jumamosi, na mbele kwa mbili siku ya Jumapili. Hali hii hutokea kila mwaka unaoanza Ijumaa au Jumamosi. Mwaka 2021 ulianza Ijumaa na 2022 ulianza Jumamosi, na namba ziliachana miaka yote miwili. Ukianza siku nyingine yoyote, zinakutana. Kwa mtu mwenye mfumo unaotumia namba za wiki, hili ndilo la kuangalia kila kalenda ya mwaka mpya inapotoka: 1 Januari ni siku gani?

## Kwenye Excel na majedwali mengine

Fomula maarufu ni `WEEKNUM`, na ndiyo inayosababisha makosa mengi zaidi. Ukiiandika bila kuongeza chochote, inaanza wiki Jumapili na kutumia kanuni ya tarehe 1 Januari. Haiangalii kompyuta yako imewekwa nchi gani. Namba unayoongeza baada ya tarehe ndiyo inayobadilisha hesabu:

```
=WEEKNUM(A2)       wiki inaanza Jumapili
=WEEKNUM(A2,2)     wiki inaanza Jumatatu, lakini siyo ISO
=WEEKNUM(A2,16)    wiki inaanza Jumamosi
=WEEKNUM(A2,21)    ISO
=ISOWEEKNUM(A2)    ISO
```

Weka tarehe 14 Machi 2027 kwenye seli A2 na utaona 12, 11, 12, 10 na 10, sawa na hesabu tulizofanya kwa mkono. Mstari wa pili ndio wa kuuogopa. Nimeuona kwenye majedwali mengi ya watu makini, kwa sababu maelezo ya fomula yanasema Jumatatu na mtu anaridhika hapo. `ISOWEEKNUM` ipo tangu Excel 2013, na Google Sheets na LibreOffice Calc pia wanayo. Kama faili lako litafunguliwa kwenye toleo la zamani zaidi ya hapo, tumia `WEEKNUM(A2,21)`, ambayo ilianza na Excel 2010. Pia kumbuka kwamba kwenye baadhi ya mipangilio ya nchi, Excel hutenganisha sehemu za fomula kwa nukta mkato badala ya mkato.

Mara nyingine unahitaji njia ya kurudi: umepewa namba ya wiki na unataka tarehe. Kwa ISO, anza na tarehe 4 Januari, ambayo daima iko ndani ya wiki ya 1. Rudi nyuma hadi Jumatatu ya wiki hiyo, kisha songa mbele wiki kadiri inavyotakiwa, ukipunguza moja. Mwaka ukiwa kwenye A2 na namba ya wiki kwenye B2:

```
=DATE(A2,1,4)-WEEKDAY(DATE(A2,1,4),3)+(B2-1)*7
```

Mwaka 2027 tarehe 4 Januari ni Jumatatu yenyewe, hivyo hakuna kurudi nyuma. Wiki ya 10 iko mbele kwa wiki tisa, yaani siku 63, na unafika tarehe 8 Machi. Kwa kanuni ya Marekani unaanza na Jumapili ya wiki yenye tarehe 1 Januari:

```
=DATE(A2,1,1)-WEEKDAY(DATE(A2,1,1))+1+(B2-1)*7
```

Hii inaanzia Jumapili tarehe 27 Desemba 2026, inaongeza siku 63, na kutua Jumapili tarehe 28 Februari. Huyo ndiye mpokeaji wetu anayesubiri mzigo mapema kupita kiasi.

## Mwaka wa wiki hauko sawa na mwaka wa tarehe

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na ndipo ningeomba usome taratibu. Wiki ya ISO haikatwi kamwe. Ina siku saba daima, na zote saba zinahesabiwa kwenye mwaka mmoja, hata kama mwaka mpya umeingia katikati. Kwa hiyo wiki ya kuanzia Jumatatu tarehe 28 Desemba 2026 hadi Jumapili tarehe 3 Januari 2027 yote ni wiki ya 53 ya mwaka 2026. Tarehe 1 Januari 2027, kwa lugha ya wiki, bado ni 2026.

Kosa la kawaida ni kuchukua mwaka kutoka kwenye tarehe na wiki kutoka kwenye ISO, kisha kuviunganisha. Unapata wiki ya 53 ya 2027, wiki ambayo haipo kabisa. Ukipanga ripoti kwa mpangilio huo, mauzo ya siku tatu za mwanzo wa Januari yanatokea mwishoni mwa mwaka, baada ya Desemba. Kosa hilo lina upande wa pili: tarehe 29, 30 na 31 Desemba 2025 ni za wiki ya 1 ya 2026, na ukiziunganisha vibaya zinakuwa wiki ya 1 ya 2025, zikijumlishwa na mauzo ya wiki iliyopita miezi kumi na miwili nyuma. Dalili yake ni rahisi kuiona. Wiki ya 1 inakuwa na jumla kubwa isiyo ya kawaida, na ukihesabu siku zilizomo unakuta zaidi ya saba.

Tiba ni kuchukua mwaka wa Alhamisi ya wiki hiyo, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ya kuamua:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)&"-W"&TEXT(ISOWEEKNUM(A2),"00")
```

Kwa tarehe 1 Januari 2027 inatoa `2026-W53`. Huo ndio mwandiko rasmi wa ISO: mwaka, kistari, herufi W, na tarakimu mbili za wiki. Ukitaka siku moja ndani ya wiki unaongeza tarakimu ya siku, Jumatatu ikiwa 1 na Jumapili 7. Jumapili yetu ya Machi inaandikwa `2027-W10-7`.

Wanaoandika programu hukutana na mtego huohuo kwenye alama za kupanga tarehe. `%V` ni wiki ya ISO na mwenzake ni `%G`, mwaka wa wiki. `%Y` ni mwaka wa tarehe, na ukiuweka pamoja na `%V` unarudi kwenye kosa la wiki ya 53 ya 2027. Kwenye Java, `yyyy` ni mwaka wa tarehe na `YYYY` ni mwaka wa wiki. Programu yenye `YYYY-MM-dd` na mpangilio wa Marekani itaiandika tarehe 31 Desemba 2026 kama `2027-12-31`, kwa sababu kwa Wamarekani wiki hiyo ni ya 1 ya 2027. Kosa hili linakaa kimya karibu mwaka mzima na kujitokeza siku chache za Desemba, wakati wengi wako likizo.

`WEEKNUM` ya kawaida nayo ina tabia yake. Inakata wiki palepale mwaka unapoisha. Jumapili tarehe 27 hadi Alhamisi tarehe 31 Desemba 2026 inaziita wiki ya 53, kisha Ijumaa na Jumamosi zinazofuata inaziita wiki ya 1. Wiki moja ya siku saba imekuwa vipande viwili, kimoja cha siku tano na kingine cha siku mbili. Ukilinganisha mauzo ya wiki ya 1 mwaka hadi mwaka kwa fomula hiyo, unalinganisha siku mbili za 2027 na siku tatu za 2026. Kushuka utakakokuona hakuna uhusiano na biashara.

Kwa ISO, jambo la kujiandaa nalo ni kwamba mwaka 2026 wenyewe una wiki 53. Mwaka wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa 2020, na unaofuata ni 2032. Mwaka huwa na wiki 53 ukianza Alhamisi, au ukiwa na siku 366 na kuanza Jumatano. Kwa hiyo fomu yoyote inayokataa namba ya wiki inayozidi 52 itamkwamisha mtu kuanzia Jumatatu tarehe 28 Desemba 2026.

## Kubaini kalenda iliyo mbele yako inafuata nini

Mara nyingi hakuna wa kumuuliza. Umepewa faili, programu au kalenda ya ukutani yenye namba za wiki, na unataka kujua kanuni yake. Kujaribu kwa tarehe ya kawaida, tuseme Jumatano fulani ya Oktoba 2026, hakukusaidii, maana ISO na Marekani zitatoa jibu moja. Jaribu kwa siku nne za kwanza za 2027, ambazo kwa bahati nzuri zinatoa majibu yote mawili.

Anza na Ijumaa tarehe 1 Januari 2027. Ukiona 53, ni kanuni ya siku nne. Ukiona 1, ni kanuni ya tarehe 1 Januari. Ukiona 52 au 0, mara nyingi ni kanuni ya wiki kamili, ingawa kanuni ya siku nne nayo hutoa 52 wiki ikianza Jumapili au Jumamosi.

Kisha angalia namba inabadilika siku gani. Ikibadilika Jumamosi tarehe 2, wiki inaanza Jumamosi. Ikibadilika Jumapili tarehe 3, inaanza Jumapili. Ikibaki ileile hadi Jumatatu tarehe 4, inaanza Jumatatu. Kwenye jedwali, andika tarehe hizo nne kwenye safu moja na fomula unayoichunguza kando yake. ISO itaonyesha 53, 53, 53, 1. `WEEKNUM` ya kawaida itaonyesha 1, 1, 2, 2. `WEEKNUM` yenye 2 itaonyesha 1, 1, 1, 2.

Jibu la 0 au 52 utalikuta zaidi kwenye hifadhidata. MySQL, usipoiambia vingine, huanza wiki Jumapili na kuhesabu wiki ya kwanza kuwa ile yenye Jumapili ya kwanza ya mwaka, na siku zilizotangulia Jumapili hiyo huziita wiki ya 0. Ukitaka ISO unaongeza 3:

```
SELECT WEEK('2027-03-14'), WEEK('2027-03-14', 3);
```

Jibu ni 11 na 10. Hiyo 11 unaweza kuihakiki kwa mkono: siku ya kuamua ni ya kwanza ya wiki, Jumapili tarehe 14 yenyewe, siku ya 73, na 73 gawanya kwa 7 inapanda hadi 11. Ni namba ileile aliyoipata mtu wa Jumatatu na tarehe 1 Januari, lakini kwa wiki tofauti kabisa. Yake ilikuwa inaisha siku hiyo, na hii inaanza siku hiyo. Ndiyo sababu namba mbili kulingana kwa siku moja si ushahidi kwamba mifumo inalingana.

## Ukiandikiana na mtu wa nchi nyingine

Kwenye barua, oda au mkataba, andika tarehe ya kuanza na ya kuisha pamoja na namba: "wiki ya 10 (ISO), 8 hadi 14 Machi 2027". Ukipokea namba tupu kutoka Sweden, Norwe, Denmaki au Ujerumani, ambako watu hupanga likizo na mikutano kwa namba za wiki, unaweza kuichukua kuwa ya ISO. Ikitoka Marekani, uliza. Huko namba za wiki hazitumiki sana katika mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo iliyoandikwa huenda imetoka kwenye fomula ya mtu mmoja au kwenye mwaka wa hesabu wa kampuni, ambao hauanzi lazima Januari.

Ndani ya jedwali lako, hifadhi tarehe kamili na uache namba ya wiki ihesabiwe kutoka hapo. Namba ya wiki iliyohifadhiwa peke yake haiwezi kurudishwa kuwa tarehe pale kanuni yake inapokuwa imesahaulika.

Na kama utabaki na `WEEKNUM` ya kawaida, tengeneza nafasi ya kutosha kwa mwaka 2028. Unaanza Jumamosi na una siku 366, hivyo wiki ya 1 itakuwa na siku moja tu, Jumamosi tarehe 1 Januari, na Jumapili tarehe 31 Desemba itasimama peke yake kwenye wiki ya 54. Ilitokea hivyo pia mwaka 2000. Kwa ISO, Jumapili hiyohiyo ni siku ya mwisho ya wiki ya 52.